Kovu la Muasisi

Mwaka ule nilikuwa na nusu ya duka karibu na bandari ya Nchelenge, ufukweni mwa ziwa. Nusu nyingine ilikuwa saluni ya dada mmoja Mbemba, mwenyeji wa pale, na katikati tulitundika pazia. Upande wake ulinuka dawa ya nywele, upande wangu ulinuka wino wa printa, na pande zote mbili zilinuka chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani kote ufukweni, maana harufu yao haijui pazia.

Mimi nilitoka ng'ambo, upande wa Kongo. Nilivuka ziwa kwa boti na mfuko mmoja wa nguo, nikapita Kenani, kituo cha kupokelea wakimbizi, kama wengine, nikalima mihogo kambini, na mwishowe nikapata ruhusa ya kufanya biashara mjini. Kabla ya hayo yote nilisoma informatike miaka miwili Lubumbashi, kwa hiyo watu waliniita fundi wa ordinatere, yaani kompyuta, hata pale walipotaka fotokopi tu.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kukuza picha. Watu wa ziwani wana picha ndogo ndogo: kipande kilichokatwa kwenye kadi ya zamani, uso uliopigwa kwa simu ya kioo kilichopasuka, picha iliyotumwa WhatsApp kutoka mutu hadi mutu mpaka ikachoka. Wanaileta, wanasema, "Iweke mukubwa." Nilifanya kazi hiyo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba iitwayo OpenCV. Hakuna uchawi ndani yake. Picha ni shamba la vidoti, kila kidoti na rangi yake. Ukitaka shamba liwe pana mara nne, lazima ujaze nafasi zilizofunguka kati ya kidoti na kidoti. Amri ya resize inakupa njia kadhaa za kujaza. INTER_NEAREST inarudia kidoti cha jirani kama kilivyo, basi uso unakuwa ukuta wa matofali. INTER_LINEAR inachanganya rangi za majirani wanne, na INTER_CUBIC inauliza majirani kumi na sita, basi uso unakuwa laini, lakini kama umepigwa kwenye ukungu wa asubuhi.

Ukungu huo ndio uliokuwa ukinigombanisha na wateja. Ndipo nikasikia kwamba OpenCV ina sehemu nyingine, dnn_superres, ambayo inatumia mitandao ya akili bandia iliyokwisha kufundishwa na watu wengine. Mitandao hiyo imeonyeshwa picha nyingi sana, kila moja ikiwa kubwa na ikiwa imepunguzwa, mpaka ikajifunza kukisia: ukingo unaofifia namna hii, kwa kawaida ulikuwa mstari mkali namna ile. Niliiita kwenye mashine yangu, mashine ikajibu kwamba cv2 haina kitu kama hicho. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba nilikuwa nimeweka OpenCV ya kawaida, na kitu hicho kiko katika ile ya nyongeza, opencv-contrib-python. Nikaondoa ya kwanza, nikaweka ya pili. Halafu mfano wenyewe, yaani mtandao uliokwisha kufundishwa, unashushwa peke yake, faili la .pb. Ule uitwao EDSR ni mzito, ulikula bando yangu ya wiki. Ule uitwao FSRCNN ni mwepesi kama unyoya, ukaja kabla sijamaliza kunywa chai.

"Sasa utapata wateja," dada wa saluni aliniambia kupitia pazia.

Nikapata komite.

Waliingia asubuhi, watu watatu. Wa kwanza alikuwa prezida wa chama cha wafanyabiashara wa samaki wa ng'ambo, mwanamume mpana mwenye sauti ya kuita boti. Wa pili alikuwa sekretere, aliyekuwa mwalimu zamani, mwembamba, anayenyoosha suruali yake kila anapokaa. Wa tatu alikuwa mjane wa muasisi wa chama, mama wa makamo mwenye kitenge cha kijani, ambaye alikaa kwenye benchi.

"Mama," prezida aliniambia, "chama kinatimiza miaka kumi. Tunataka banderole ya kutundika ukutani. Mukubwa, mutu na nusu urefu. Foto ya muasisi wetu, Mungu amulaze pema."

"Foto iko wapi, papa?"

Wakatazamana. Muasisi, walieleza, alichukia kupigwa picha maisha yake yote. Kitambulisho chake kilizama ziwani boti ilipopinduka, na alikataa kwenda kutengeneza kingine kwa sababu ya kamera. Lakini Mungu ni mwema: sekretere alikuwa amempata nyuma ya picha ya harusi.

Akanipa simu. Bwana harusi, bibi harusi, keki, wasimamizi. "Nyuma kabisa," sekretere alisema, akigusa kioo kwa kucha. "Kando ya muti wa hema. Ule mwenye kofia."

Niliivuta picha. Kando ya mti wa hema palikuwa na kitu chenye kofia. Nilikata kipande hicho, kuanzia kofia hadi tumboni, nikauliza mashine ukubwa wake. Kilikuwa na vidoti mia na ishirini kwa urefu na tisini kwa upana. Uso peke yake ulikuwa mdogo kuliko alama ninayobofya kufungua kalkuleta.

"Papa, hapa hakuna uso. Kuko alama ya uso."

"Njo maana tumekuja kwa fundi," prezida alisema.

Nilianza na cubic ili waone ukungu na wakubali mapema. Lakini niliandika kwa haraka, nikachukua namba kama picha inavyozitaja, urefu kwanza halafu upana, nikaziweka katika resize, ambayo inataka upana kwanza halafu urefu. Picha ikatokea imebonyea na kutanuka: mtu mfupi, mabega kama mlango wa kanisa, kofia kama sinia.

Nilikuwa naomba radhi tayari prezida akapiga meza.

"Yee mwenyewe!"

"Apana, papa, nimekosea, nimegeuza—"

"Miaka ya mwisho alinenepa," sekretere alisema kwa upole. "Alikuwa anakula vizuri."

Nyuma ya pazia dada wa saluni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nilirekebisha. Mtu akarudi kuwa mwembamba ndani ya ukungu wake, na komite nzima ikasikitika kama aliyeugua mbele ya macho yao. Mjane peke yake hakusikitika. Alitazama kioo, akatazama mlango.

Nikawaomba wanipe siku mbili, nitumie mitandao.

Nilikaa na EDSR. Mistari yake ni michache: unaunda kitu, readModel unasoma faili, setModel unataja jina na mara ngapi, upsample unakipa picha. Kwa kipande kidogo kama kile ilifanya kazi muda wa kuosha vyombo. Ikatoka mara nne zaidi, na kwa mara ya kwanza kofia ilikuwa na ukingo. Shati lilikuwa na kola. Kifuani mtu alikuwa ameshika kitu cha mraba, cheusi.

Kwa banderole hiyo haikutosha. Nikarudisha matokeo yale ndani ya EDSR mara ya pili, mashine ikala kumbukumbu yake yote, ikaunguruma, ikafa. Nikaiwasha tena, nikatumia FSRCNN kwa zamu ya pili, ambayo haina makuu. Ikamaliza kabla sijakaa.

Ndipo nikaliona. Shavuni, kuanzia chini ya jicho hadi karibu na mdomo, palikuwa na mstari mnyoofu, mkali, kama umekatwa kwa wembe.

Nilijua ulikotoka. WhatsApp inapobana picha inaigawa katika vijisanduku, vidoti vinane kwa vinane, na kila kimoja kinapobanwa peke yake, mipaka kati ya kisanduku na kisanduku huanza kuonekana. Mitandao hii ilifundishwa kwa picha safi. Ikikutana na mpaka wa kisanduku haijui kuwa ni uchafu. Inafikiri ni ukingo wa kitu cha kweli, inaunoa. Na mimi nilikuwa nimeunoa mara mbili.

Komite ilipokuja nilikuwa nimejiandaa kueleza hayo yote. Sikupata nafasi. Prezida aliinama mbele ya kioo, akavuta pumzi, akavua kofia yake.

"Kovu," alisema. "Tulisahau kovu yake."

"Papa, hiyo si kovu. Ni kisanduku cha—"

"Kamba ya boti," sekretere alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ilikatika huku ziwani, Kilwa, siku ya upepo. Ikamupiga hapa." Akagusa shavu lake mwenyewe.

"Kamba gani?" prezida alidakia. "Ni mamba. Alinionyesha kwa mukono wake."

"Mamba anaacha kovu moja?"

"Alikuwa mamba mutoto."

Walibishana mpaka wateja wa saluni wakaja kusimama kwenye pazia, mmoja na rola kichwani. Dada wa saluni alitazama kioo, akatikisa kichwa. "Awe, mwandi," alikataa kwa Kibemba. "Mamba huyo alipima kwa rula."

Nikawaambia naweza kuufuta mstari. Ni kazi ndogo, nilinde uso, nilainishe shavu kidogo. Prezida alinitazama kama nimependekeza kufukua kaburi.

"Mama, wewe ni mukristo? Unataka kutoa kovu ya mutu aliyekufa?"

Halafu wakahamia kwenye kile cha mraba kifuani. Hapo hawakubishana. Ilikuwa Biblia. Muasisi alikuwa mtu wa Biblia. Sekretere hata alidai anaona utepe wa kuwekea ukurasa ukining'inia. Mimi niliona vidoti kadhaa vyenye wekundu ambavyo FSRCNN ilikuwa imevivuta kuwa uzi.

"Mama anasema nini?" nilimuuliza mjane, maana nilichoka kusikia wanaume.

Aliitazama picha muda mrefu. Akatabasamu kidogo, kwa pembe moja ya mdomo.

"Ni foto nzuri," alisema. "Muchapishe."

Faili lilikwenda Mansa kwa flashi ndani ya mfuko wa dereva wa basi, kwa sababu kwetu hapakuwa na mashine ya kuchapa plastiki kubwa namna ile. Banderole ikarudi imekunjwa kama zulia. Chini waliandika kwa herufi nyekundu: MUASISI WETU, PUMZIKA KWA AMANI.

Sherehe ilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Kashikishi. Niliitwa kama mgeni wa heshima, nikakaa mstari wa pili, nikabeba na mashine yangu kwa sababu prezida alitaka picha zingine zionyeshwe ukutani baada ya chakula. Banderole ilifunika ukuta wa mbele. Ukiwa karibu uliona mchafuko wa vipande vya kahawia. Ukirudi nyuma hadi mlangoni, vipande vilikusanyika na kuwa mtu: kofia, kovu, Biblia, na macho mawili ambayo, kusema kweli, yalikuwa yakimfuata kila anayekwenda kuchukua soda.

Mchungaji aliomba. Kwaya iliimba. Sekretere alisoma maisha ya muasisi, na kovu likapata aya yake. Alikuwa ametafuta njia ya kumridhisha kila mtu: kamba ilikatika *wakati* mamba anakuja. Watu walitikisa vichwa kwa majonzi. Kina mama wawili waliokuwa wamekaa mbele yangu walikumbushana jinsi kovu lile lilivyokuwa likiwasha siku za mvua.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mzee mwenye kofia.

Alikuwa ameshuka kwenye boti ya Kilwa. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alikuwa na mtungi wa plastiki mkono mmoja na viatu mkono wa pili. Alitafuta nafasi ya kukaa, akainua macho, akaona banderole. Mtungi ukashuka polepole mpaka sakafuni.

Alisogea mbele katikati ya viti. Hakuna aliyemzuia, tulifikiri ni ndugu wa marehemu amezidiwa. Akasoma maandishi, midomo ikicheza. Akageuka.

"Juu ya nini munaniandika nimekufa?"

Kwaya ilikuwa imeanza tena, iko katikati ya ubeti. Ikaisha kwa sauti moja moja, kama taa za mtaa umeme unapopungua.

"Papa, kaa chini," prezida alisema. "Huyu ni muasisi wetu."

"Huyu ni mi."

"Wewe nani?"

"Mi ni mutu ya Kilwa. Nachajia batu betri na simu. Ile ni kofia yangu. Iko hapa." Akaivua, akainyanyua kando ya banderole. Kofia zote mbili zilikuwa na bonde upande uleule.

Ukumbi ulinguruma. Sekretere alisimama, akanyoosha suruali. Alikuwa na hoja, na aliitoa kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Mutu wa foto ana kovu. Wewe huna kovu."

Mzee alijipapasa shavu. Kwa sekunde moja niliona anasitasita, kana kwamba huenda analo na hajawahi kuambiwa. "Kovu sijui," alisema. "Kovu ni yenu. Lakini kofia ni yangu na mwili ni wangu. Ile harusi nilikuwa. Nilileta betri ya muziki. Waliniambia, simama hapa na betri mpaka hotuba ziishe. Nikasimama. Hotuba zilikuwa ndefu."

"Betri gani? Ameshika Biblia!"

"Ni betri."

"Ni Biblia!"

"Papa, Biblia ya kilo ngapi? Angalia mabega yangu!"

Wote wakatazama banderole. Mabega ya muasisi yalikuwa yameshuka sana.

Sijui nani alitaja ordinatere kwanza. Ghafla kila mtu alikuwa akinitazama, na prezida akatangaza kwa sauti ile ya kuita boti kwamba fundi ataleta ushahidi. Wakaniwekea meza chini ya banderole. Wakaunganisha projekta. Nilijua jambo moja ambalo hawakulijua: faili nililochapisha halikuwa ushahidi wa kitu chochote. Robo tatu ya kile kilichokuwa ukutani, na zaidi, kilikisiwa.

"Ndugu zangu," nilisema, "mashine haikumwona muasisi. Iliona alama ndogo, ikakisia zilizobaki kufuatana na picha za watu wengine ilizojifunza. Kovu ilikisia. Utepe wa Biblia ilikisia. Nitawaonyesha kile simu ilichoona kweli, bila kuongeza."

Nikafungua kile kipande cha kwanza kabisa, chenye vidoti tisini kwa mia na ishirini, na badala ya mitandao nikaandika resize yenye INTER_NEAREST. Njia hiyo ndiyo ya kijinga kuliko zote, na siku ile niliipenda kwa ujinga wake. Haichanganyi, hainoi, haibuni rangi hata moja. Kidoti kimoja kinakuwa mraba mmoja mkubwa, basi.

Mtu wa matofali akatokea ukutani. Watoto walicheka. Uso ulikuwa vipande vichache vya kahawia, vingine vyeusi zaidi. Shavuni hapakuwa na mstari, ila matofali ya upande mmoja yalipishana rangi kidogo na ya upande wa pili, tofauti ambayo usingeijali kama hujaambiwa. Nikasogeza chini hadi kifuani. Kile kitu cha mraba kilikuwa cheusi chote, isipokuwa juu: kona moja matofali mawili yalikuwa yameiva wekundu, na kona ya pili palikuwa na ncha nyeusi iliyochomoza nje ya mstari.

"Nyaya!" mzee alipiga kelele. "Nyekundu na nyeusi! Iko wapi Biblia yenye nyaya?"

Hapo fundi mmoja wa redio aliyekuwa nyuma alisimama kwenye kiti, akakaza macho, na kutamka kwamba ni betri ya gari, tena ilikuwa imefungwa vizuri. Ukumbi ukagawanyika. Wengine wakapiga makofi. Kina mama wa mbele yangu walisema hata hivyo kovu wanalikumbuka. Prezida alikuwa ameshika paji la uso. Aliniambia kwa sauti ndogo, ya kwanza niliyowahi kumsikia nayo, "Mama, fanya ile ingine. Ile ya mitandao. Ile ilikuwa inasema vizuri."

Nikamwambia ile haisemi, papa, ile inaremba.

Ndipo mjane aliposimama. Alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa na kitenge kilekile cha kijani. Watu wakakaa chini, kwa haya, maana katikati ya kelele yote tulikuwa tumemsahau mfiwa mwenyewe.

"Bwana yangu hakwenda ile harusi," alisema. "Siku ile alikuwa nyumbani na mi. Aligombana na baba ya bibi harusi juu ya nyavu."

"Mama!" sekretere alisema. "Ulijua? Tangu dukani?"

"Tangu simuni."

"Na ukanyamaza?"

Alifikiri. "Mulikuwa na furaha sana," alisema. "Na mutu wenyewe alikaa vizuri. Bwana yangu alikataa foto maisha yote. Nikaona, kama lazima kuko uso ukutani, afazali ikuwe ya mutu mwingine. Angecheka mpaka alie."

Akacheka yeye. Kicheko kile kilianza chini, kikamtikisa mabega, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio, na nadhani yeye mwenyewe hakutaka kuchagua. Dada wa saluni, aliyekuwa amenifuata mezani, alinifinya mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Komite ilijifungia katika chumba cha mchungaji. Chakula kilikuwa tayari, banderole ilikuwa imelipwa, na kwaya ilikuwa imebakiza nyimbo tatu. Walipotoka, prezida alitangaza uamuzi: sherehe inaendelea, picha inabaki, na mzee wa Kilwa atakaa chini yake kwa niaba ya muasisi. Maneno ya "pumzika kwa amani" yafunikwe na kitambaa kwa heshima ya aliye hai.

Mzee alikubali kwa sharti la kuanza na nyama. Alikaa pale mchana wote, kofia kichwani, akipokea mikono ya watu. Mwanzo alijibu kila mmoja kwamba yeye si muasisi. Baada ya soda ya pili alikuwa anasema tu asante. Jua lilipoanza kuinama nilimsikia akimweleza kijana mmoja jinsi chama kilivyoanza kwa shida.

Kabla ya kupanda boti aliomba banderole. Hakuna aliyebisha. Wanaume wanne waliibeba hadi ufukweni, naye akaketi juu yake ndani ya boti. Baadaye nilisikia kwamba aliitundika nyumbani kwake Kilwa, na mke wake akaizunguka mara mbili, akamwambia, "Huyu si wewe. Wewe huna kovu."

Wiki chache baadaye mzee alikuja dukani na picha ya banderole aliyoipiga kwa simu. Alitaka ipunguzwe iwe foto ya pasipoti. Nikamwambia mzee, uko hapa mbele yangu na kamera iko hapa, keti nikupige. Akakataa: ukutani ametoka vizuri zaidi. Basi nikaipunguza kwa INTER_AREA, ndiyo njia inayofaa kushusha picha, maana inachukua wastani wa vidoti vingi na kuvifanya kimoja. Mstari wa shavuni ukayeyuka katika wastani huo. Aliipokea karatasi, akaitazama kwa karibu, akaisogeza mbali.

"Kovu imeisha," alisema kwa masikitiko. "Ilikuwa imeanza kunizoea."

Mjane naye alikuja, siku ya katikati ya wiki, hakuna wateja. Alipitia kwanza upande wa pili wa pazia. Nilisikia maji, halafu kitana, halafu yeye na dada wa saluni wakicheka kuhusu jambo ambalo hawakuniambia. Alipotokea upande wangu nywele zake zilikuwa zimesukwa nyuma na uso wote uko wazi.

"Nipige," alisema. "Mukubwa tangu mwanzo. Sitaki watu wanikisie."

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilimtoa hadi mlangoni, nikamkalisha kwenye kigoda mahali mwanga wa ziwa unapoingia. Niliweka kamera kwenye ukubwa wa juu kabisa. Alikaza uso kama wanavyokaza wote, nikamwambia alegeze, akasema hivi ndivyo alivyo. Nyuma yake mwanamke alikuwa akigeuza chisense kwenye mkeka, na lori lilikuwa linajaribu kurudi nyuma bila kufanikiwa.

"Bado?" aliuliza.

"Bado, mama. Angalia huku."

Akaangalia.